Kata kwa Mstari Mmoja: Wino, Rafu na Kijitabu cha Pili katika Chumba cha Mtihani

Karatasi ya Kiswahili ya mtihani wa kidato cha nne, ule unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ina maelekezo machache yanayotangulia swali la kwanza. Moja humtaka mtahiniwa aandike namba yake ya mtihani katika kila ukurasa wa kijitabu cha kujibia. Kijana mwenye haraka huyapitia maelekezo haya kama anayepita kibao cha barabarani anachokijua tangu utotoni, kisha anakimbilia swali la kwanza. Miezi miwili mitatu baadaye matokeo yanatoka, na hakuna anayeweza kumwambia alama zake nne au tano zilipotelea wapi.

Kanuni za namna ya kuandika mtihani, yaani rangi ya wino, kufuta, kazi ya rafu na karatasi za ziada, hazieleweki mpaka mtu ajue kijitabu kinakwenda wapi baada ya kukusanywa. Katika vituo vya usahihishaji walimu hukaa kwa makundi, na kila mmoja hupewa swali lake au sehemu ya swali. Kijitabu kimoja hupita mkono kwa mkono. Anayesahihisha swali la kumi hakumsoma mtahiniwa huyo katika swali la kwanza, hajui mwandiko wake, hajui kwamba alianza vibaya akatulia baadaye. Anafungua, anatafuta namba ya swali, anasoma, anaweka alama, anapitisha. Kenya nako baraza lao, KNEC, linatumia utaratibu wa aina hiyo hiyo. Faida yake ni kwamba hakuna mwalimu mmoja anayemwinua au kumwangusha mtoto kwa karatasi nzima. Gharama yake ni kwamba chochote kisichoonekana wazi kwenye ukurasa ule, kwa dakika zile chache, hakipo.

Tuanze na wino. Katika karatasi za upimaji wa kidato cha pili NECTA huagiza maandishi yote yawe kwa wino wa bluu au mweusi, isipokuwa michoro, ambayo lazima iwe kwa penseli. Bodi ya Cambridge ya Uingereza, ambayo mitihani yake hufanywa na shule kadhaa za kimataifa Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa, huagiza wino mweusi au wa bluu iliyokolea. Na kwa watoto wetu wanaosoma Uingereza kwenyewe, masharti ya pamoja ya bodi za huko ni makali zaidi: wino mweusi tu. Tofauti hizi zina sababu. Vijitabu vya bodi nyingi za Uingereza hupigwa picha kwa mashine, na msahihishaji anasoma nakala kwenye kompyuta. Bluu iliyopauka hufifia pichani, na penseli hufifia zaidi. Mweusi haufifii.

Rangi nyekundu imekatazwa kila mahali kwa sababu ya wazi kabisa: ni ya msahihishaji. Mtahiniwa akipigia mstari vichwa vya majibu kwa nyekundu, au akijiwekea alama ya vema pembeni ya hesabu aliyoihakiki, anachafua eneo ambalo baadaye mtu atalijumlisha. Mbele ya karatasi ya kidato cha pili kuna jedwali dogo la matumizi ya wasahihishaji tu, lenye namba ya swali, alama iliyopatikana na herufi za kwanza za jina la aliyesahihisha, na chini yake nafasi ya aliyekagua jumla. Mkaguzi huyo hasomi tena insha yako. Anafuata alama nyekundu ndani ya kijitabu na kuzilinganisha na jedwali. Wekundu wa mtahiniwa ukiwa umetapakaa humo ndani, kazi yake inavurugika.

Nimeona watahiniwa wakiingia na kalamu moja ya bluu, ikakauka katikati ya insha, wakaazima nyeusi. Rangi zote mbili zinaruhusiwa kwa kidato cha nne, kwa hiyo hilo peke yake si kosa. Lakini jibu linaloanza kwa bluu na kumalizikia kwa nyeusi, mwandiko nao ukiwa umebadilika kwa sababu ya haraka, humfanya msomaji ajiulize kama ni mkono mmoja. Tena kuazima kitu ndani ya chumba cha mtihani bila kupitia kwa msimamizi ni kujitafutia balaa. Ingia na biki tatu za rangi moja, na uwe umeshaziandikia kidogo nyumbani ili ujue zinatoka wino. Kalamu za wino wa maji zinazoteleza vizuri zina ubaya wake: hukawia kukauka, hupakaza kiganja, na kwenye karatasi nyepesi hutokea upande wa pili na kuharibu jibu lililo nyuma.

Ipo pia kalamu inayofutika, iliyoingia madukani miaka hii ya karibuni, yenye kidude cha mpira nyuma yake. Cambridge imeitaja waziwazi kwamba isitumike, na watu wengi hawajui kwa nini. Wino wake haufutwi kwa kukwanguliwa. Unapotea kwa joto. Ule mpira ukisuguliwa kwenye karatasi huleta joto, na likifikia nyuzi 60 hivi wino hugeuka usionekane. Sasa fikiria bahasha ya mitihani iliyoachwa juani ndani ya gari lililofungwa vioo. Mtahiniwa aliyejibu vizuri kila kitu anaweza kuwasilisha kurasa nyeupe.

Hapo ndipo tunafika kwenye kufuta, na hapa ndipo alama nyingi zaidi hupotea. Wino mweupe wa kufutia, ule wa kichupa chenye brashi au wa kalamu yenye ncha ya chuma, umekatazwa kwa maandishi na Cambridge na bodi nyingine za Uingereza, pamoja na ule wa utepe. Katika shule zetu nyingi walimu huukataza kwa kauli tu, na katika nyingine, kwa bahati mbaya, huuruhusu kwenye majaribio ya darasani kwa sababu daftari linapendeza. Mimi naona kuuruhusu ni kumfundisha mtoto tabia itakayomgharimu siku ya mtihani.

Sababu ya kwanza ni ushahidi. Maandishi yaliyokatwa kwa mstari yanaonyesha aliyeyaandika alibadili mawazo. Maandishi yaliyofunikwa kwa rangi nyeupe na kuandikwa juu yake hayaonyeshi nani alibadilisha wala lini, kabla ya kijitabu kukusanywa au baada yake. Sababu ya pili ni ya kimwili tu: ule wino usipokauka, ukurasa hunata na wa pili, na ukibanduliwa huchukua jibu la upande wa pili. Lakini ile ya tatu ndiyo huwaumiza wanafunzi wa kawaida wasio na nia yoyote mbaya. Mtu anapaka, anasubiri ukauke, wakati anasubiri anahamia swali jingine, kisha anasahau kurudi. Linabaki pengo jeupe.

Tuchukue hesabu moja tuifuate hadi mwisho. Madaftari matatu na kalamu mbili vinagharimu shilingi 4,100. Madaftari mawili na kalamu tano vinagharimu shilingi 4,200. Tafuta bei ya daftari na ya kalamu. Katika karatasi ya Hisabati ya kidato cha nne, maswali ya sehemu A huwa na alama 6 kila moja, na maelekezo husema hatua zote muhimu zionyeshwe wazi. Mtahiniwa wetu anaandika d kwa daftari na k kwa kalamu:

3d + 2k = 4100
2d + 5k = 4200

Anazidisha mlinganyo wa kwanza kwa 2 na wa pili kwa 3:

6d + 4k = 8200
6d + 15k = 12600

Anatoa, na hapo mkono unateleza: anaandika 11k = 5400. Anagawa, anapata 490 na sehemu. Kwa akili yake ya kawaida anajua kalamu haiuzwi shilingi 490 na senti zisizokwisha. Amegundua amekosea, jambo ambalo ni zuri. Ila hajui kosa liko wapi, na kengele ya dakika tano za mwisho imeshalia. Anachukua kichupa, anafunika yote kuanzia juu, anaanza upya, anaandika mlinganyo mmoja, muda unaisha.

Sasa tugawe zile alama 6 kwa namna ambayo swali la aina hii linaweza kugawanywa: mbili kwa milinganyo miwili, moja kwa kuizidisha ili d zilingane, moja kwa kutoa, na moja moja kwa kila bei. Kabla hajafungua kile kichupa, kazi yake ilikuwa na thamani ya alama 3 bila ubishi: milinganyo yote miwili ilikuwa sahihi, na kuzidisha kulikuwa sahihi. Baada ya kupaka amebaki na alama 1.

Angekata kwa mstari mmoja ule mstari wa 11k = 5400 peke yake, akatazama tena 12600 kutoa 8200, angeona ni 4400. Kalamu ni 400. Akirudi kwenye mlinganyo wa kwanza, 3d ni 4100 kutoa 800, yaani 3300, na daftari ni 1100. Ni kazi ya nusu dakika. Hata kama asingeona kosa, zile alama 3 zingebaki palepale.

Kwa hiyo adabu ya kufuta ina hatua tatu, na mpangilio wake una maana. Tafuta kwanza mstari ulikoanzia kosa, usiguse kilicho juu yake. Andika kilicho sahihi chini au pembeni. Mwisho kabisa ndipo ukate kile kibaya, kwa mstari mmoja ulionyooka unaoacha maneno yasomeke. Watu wengi huanza na kukata, na huo ndio mtego. Baadhi ya mabaraza husahihisha hata kilichokatwa: mwongozo wa jumla wa wasahihishaji wa Edexcel, bodi nyingine ya Uingereza inayotumiwa na baadhi ya shule za huku, unasema kazi iliyokatwa isahihishwe isipokuwa mtahiniwa ameandika jibu jingine badala yake. Msahihishaji wa namna hiyo anahitaji tu kuweza kuisoma. Aliyekata kwa mstari mmoja amejiachia mlango. Aliyechoravyachoravya mpaka karatasi ikatoboka ameufunga mwenyewe.

Na jibu likiandikwa mara mbili, yote mawili yakaachwa bila kukatwa? Hapo unamwachia msahihishaji achague, na hana wajibu wa kukuchagulia lililo zuri. Amua mwenyewe, kata moja.

Penseli ina kanuni yake tofauti. Michoro ya Biolojia, grafu na ramani huchorwa kwa penseli kwa sababu mchoro mzuri hupatikana kwa kurekebishwa, na kifutio cha mpira hakiachi doa. Wanafunzi wa darasa la saba wana mchanganyiko unaohitaji umakini zaidi. Katika mitihani ya miaka ya karibuni ya kumaliza elimu ya msingi Tanzania, maswali ya kuchagua hujibiwa kwa kusiliba kivuli kwa penseli ya HB kwenye fomu maalumu inayosomwa na mashine, na maswali ya mwisho, yanayotaka mtoto aandike au akokotoe, hujibiwa kwa kalamu ya wino wa bluu au mweusi. Mashine inatafuta weusi ndani ya kiduara. Mtoto akibadili mawazo na kufuta nusunusu, inaweza kuona vivuli viwili katika swali moja. Huyo afute mpaka pawe peupe kabisa, kwa kifutio kisafi. Yule wa kidato cha nne asifute, akate. Ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kuhitaji ushauri unaopingana.

Kazi ya rafu nayo ina makazi yake halali. Masharti ya pamoja ya bodi za Uingereza yanasema rafu ifanywe ndani ya kijitabu cha kujibia na ikatwe kwa mstari mmoja nadhifu, isipokuwa bodi husika iwe imeelekeza vinginevyo. Utaratibu huo wa kijitabu kimoja kwa kila kitu si mgeni kwetu. Mitihani yetu ilitoka Cambridge, ikapita Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na NECTA ilipoanzishwa kwa Sheria namba 21 ya mwaka 1973 ilirithi chumba cha mtihani kikiwa na desturi zake nyingi. Mtahiniwa anayekokotoa kwenye kiganja, kwenye meza, au kwenye kikaratasi alichoingia nacho mfukoni amejiweka pabaya hata kama alichoandika ni 7 mara 8 tu. Karatasi yoyote isiyotolewa na msimamizi ni kitu kisichoruhusiwa, na msimamizi hana namna ya kujua iliandikwa ndani au ilikuja imeandikwa.

Mazoea mazuri ni kutenga ukurasa wa mwisho wa kijitabu, kuandika juu yake neno RAFU, na kuukata ukurasa huo ukimaliza. Ila katika Hisabati, Fizikia na Kemia uwe mwangalifu na kinachoitwa rafu. Kugawa 4400 kwa 11 ni rafu. Kuzidisha mlinganyo kwa 3 ni hatua, na hatua ina alama. Wapo vijana wanaofanya hesabu nzima kwenye ukurasa wa rafu, wanauvuka kwa mstari, kisha wanahamishia jibu tupu mahali pake. Jibu likiwa sahihi wanaambulia sehemu ya alama. Likiwa na kosa la kunakili, hawapati kitu. Katika karatasi za Hisabati za KCSE, Kenya, maelekezo humtaka mtahiniwa aonyeshe hatua zote katika nafasi iliyo chini ya kila swali, kwa sababu hiyo hiyo.

Na ukumbuke kwamba ukurasa wa rafu unakwenda na kijitabu, unasomwa na watu. NECTA imewahi kufuta matokeo ya watahiniwa walioandika matusi katika vijitabu vyao. Kukata kwa mstari hakuondoi kilichoandikwa.

Lililobaki ni karatasi za ziada. Aina ya mtihani ndiyo huamua kama zipo. Upimaji wa kidato cha pili na karatasi nyingi za KCSE hujibiwa kwenye nafasi zilizochapwa chini ya maswali, na ukubwa wa nafasi ni kidokezo: mistari miwili inadai sentensi moja au mbili. Anayejaza nafasi na kutaka zaidi kwa kawaida anaeleza kisichoulizwa. Kwa Cambridge, mwisho wa kijitabu huwa na kurasa za akiba, na sharti ni kwamba namba ya swali ionyeshwe wazi hapo. Kidato cha nne cha Tanzania hutumia kijitabu cha kujibia kilicho mbali na karatasi ya maswali, na kuomba kingine ni jambo la kawaida. Maelekezo yake ya Kiingereza hata yanataja uwezekano wa vijitabu zaidi ya kimoja.

Namna ya kuomba ni nyepesi, lakini saa yake ndiyo muhimu. Ukibakiwa na ukurasa mmoja na bado una swali zima la kujibu, nyosha mkono wa kushoto ukiendelea kuandika kwa wa kulia. Usisimame, usiite, usigeuke nyuma. Msimamizi akifika, mwambie kwa sauti ya chini unachohitaji. Anayesubiri mpaka mstari wa mwisho uishe hupoteza dakika kadhaa akitazama dari, hasa chumba kikiwa kikubwa na wasimamizi wachache. Asipokupa pale unapomwomba mapema mno, ukiwa bado na kurasa nyingi, usinung'unike: vijitabu vinahesabiwa, na kila kilichotolewa lazima kijulikane kilipo.

Kikishafika, kabla ya neno lolote la jibu, andika namba yako ya mtihani na somo. Kisha andika namba ya swali, hata kama ni mwendelezo: "Swali la 9, linaendelea". Rudi kwenye kijitabu cha kwanza, mwishoni mwa jibu lililokatika, uandike kwamba linaendelea katika kijitabu cha pili. Maneno hayo machache humwokoa yule mwalimu niliyemtaja mwanzoni, anayetafuta swali lake katikati ya rundo la vijitabu. Bila hayo atakuta insha imeishia katikati ya sentensi, aamini umeishiwa muda, aweke alama ya kilichopo.

Mwisho, funga vijitabu pamoja kwa uzi unaopewa, kwa mpangilio, cha kwanza juu. Kurasa zilizochanwa au kuchomekwa tu ndani hudondoka. Hapo ndipo ile amri ya kuandika namba katika kila ukurasa inapopata kazi yake: ukurasa uliodondoka sakafuni wenye namba hurudishwa kwa mwenyewe, usio na namba haurudi. Usianze kuandika namba hizo dakika ya mwisho, maana msimamizi akisema kalamu chini, kuendelea kuandika chochote, hata namba yako, ni kosa.

Walimu wenzangu, mitihani ya majaribio ya mwaka huu tuiendeshe hivi. Tukusanye vichupa vyote vya wino mweupe mlangoni, tutoe vijitabu vyenye kurasa chache makusudi ili kila mwanafunzi alazimike kuomba cha pili walau mara moja, na anayewasilisha kijitabu cha pili bila namba tumrudishie tumwonyeshe kabla ya Novemba.